Siku 19 Zilizozaa Miezi Mitano: Taarifa ya Ujenzi wa Daraja kwa Bodi ya Ufadhili

Hotuba ya mhandisi mkazi wa mradi mbele ya Bodi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wajumbe ambao hawakuweza kuhudhuria.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa Bodi, mabibi na mabwana,

Taarifa yenye majedwali mnayo mezani, na sitaisoma. Kikao kilichopita niliwaletea chati yenye rangi nyingi, na tulipotoka nje mjumbe mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mhandisi, rangi nimeziona, ila bado sijui daraja limechelewa kwa nini." Maneno yale nilirudi nayo saiti. Kwa hiyo leo sikuleta picha hata moja. Nitasema kwa mdomo, nanyi mtasikia kwa masikio, na mkiona nimewapoteza njiani, nikatizeni.

Nianze na lile mnalolingoja. Tuliwaahidi daraja ndani ya miezi 30. Litakamilika mwezi wa 35. Tumechelewa miezi mitano.

Imetoka wapi miezi mitano hii? Daraja letu linakaa juu ya nguzo nne, pamoja na kuta mbili za mwisho, moja kila ukingo. Nguzo ya kwanza imesimama. Ya pili, ambayo iko ndani ya maji, imesimama. Ya nne imesimama. Nguzo ya tatu ndiyo iliyoko pale mto ulipo na kina kirefu kuliko kwingine, na hiyo haijatoka juu ya maji. Ucheleweshaji wote ninaowaeleza leo umekaa mahali pamoja, nguzo ya tatu. Kwingine kote tuko ndani ya ratiba.

Sasa nifungulieni masikio kwa jambo moja kuhusu mto. Mto huu una miezi ambayo maji ni machache, na una miezi minne ambayo maji hujaa. Kazi ya msingi ndani ya maji hufanyika maji yakiwa machache tu. Tunapigilia mabamba ya chuma kwenye kitanda cha mto, moja likishikana na jingine, hadi tunapata ukuta wa duara uliofungwa pande zote. Ndani ya ukuta huo tunapampu maji nje, na mafundi wanashuka kufanya kazi pakavu. Ratiba yetu ilisema nguzo ya tatu itatoka juu ya maji siku 45 kabla ya mto kuanza kujaa. Siku hizo 45 zilikuwa akiba. Zikumbukeni hizo siku 45, kwa sababu habari yote ya leo ni habari ya jinsi zilivyokwisha.

Zilianza kuliwa na ardhi.

Kila nguzo ya daraja hili inakaa juu ya nguzo sita za ardhini, ambazo sisi tunaziita paili. Paili moja ni shimo la duara lenye upana wa mita 1.2, linalochimbwa hadi kwenye mwamba na mita 2 ndani ya mwamba, kisha likajazwa nondo na zege. Kabla ya mkataba kusainiwa, palichimbwa shimo dogo la uchunguzi kwenye nguzo ya tatu. Shimo lile lilikuta jiwe gumu kwenye kina cha mita 22, likaingia ndani ya jiwe mita moja na nusu, likasimama. Ripoti ikaandika: mwamba, mita 22. Tukasanifu paili za mita 24. Tukasuka vizimba vya nondo vya mita 24, vipande viwili vya mita 12.

Aliyegundua kosa alikuwa mwendesha mtambo wa kuchimbia, na aligundua kwa kusikia. Mtambo ukichimba mwamba una mngurumo wake, mzito, usiobadilika. Kijana yule alifika mita 22 akausikia mngurumo huo. Alipokaribia mita 24 sauti ikabadilika, ikawa nyepesi, na keekee ikaanza kushuka kwa kasi. Akazima mashine mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Nilipofika alikuwa ameshika kiganjani alichokitoa chini: kokoto za mviringo, laini kabisa, zilizosuguliwa na maji. Mwamba hautoi kokoto za mviringo, waheshimiwa. Kokoto za mviringo ni kitanda cha zamani cha mto. Tulichokiita mwamba kilikuwa jabali moja kubwa lililolala juu ya changarawe.

Utaratibu unaojulikana katika kazi hii ni kwamba ukikuta jiwe, unaendelea kulichimba angalau mita 3, ili uhakikishe kwamba hukukuta jabali. Shimo letu lilikwenda mita moja na nusu. Ripoti ile niliisoma kabla ya kazi kuanza, kipimo hicho kilikuwa mbele ya macho yangu, na sikuuliza. Ningeuliza, tungechimba shimo la pili mapema, kwa siku chache tu, wakati mitambo mikubwa haijafika na hakuna anayelipwa kwa kungoja.

Tulisimamisha kazi, tukachimba mashimo mapya ya uchunguzi, na mwamba wenyewe tukaukuta mita 28. Paili zikawa za mita 30. Hesabu za uimara zikarudiwa. Nondo za mita 6 za kila kizimba zikaagizwa, zikaunganishwa. Jabali likavunjwa. Vyote hivyo vilikula siku 38.

Najua swali lililomo vichwani mwenu, kwa sababu niliulizwa hata na watu wangu: jabali lile lilikuwa kubwa na gumu, kwa nini tusingesimamisha nguzo juu yake tukaokoa siku 38?

Nitawajibu kwa habari ya daraja jingine. Katika jimbo la New York kulikuwa na daraja la barabara kuu lililovuka kijito cha Schoharie. Lilifunguliwa mwaka 1954. Nguzo zake zilikaa juu ya misingi mifupi, bila paili, kwenye udongo mgumu sana ulioshindiliwa na barafu ya kale. Mtu akiugonga udongo ule angesema ni jiwe. Mafuriko yalikuja na kupita, na kila yalipopita yalichota kidogo chini ya msingi. Tarehe 5 Aprili 1987, mto ukiwa umefurika, nguzo moja ilianguka na kuvuta barabara iliyokuwa juu yake. Watu 10 walikufa. Nguzo iliyoanguka kwanza, waheshimiwa, nayo ilikuwa nguzo ya tatu.

Maji yanayokwenda kasi yakikutana na nguzo huzama mbele yake, huzunguka, na huchimba kitanda cha mto. Shimo huwa na kina kirefu zaidi wakati mafuriko yako juu kabisa, wakati hakuna anayeweza kuliona. Maji yakipungua, mchanga hurudi na kulifukia, nawe unakuta mto umetulia kana kwamba hapakuwa na kitu. Jabali lililolala juu ya changarawe ni gumu lenyewe, lakini changarawe iliyo chini yake inachoteka. Kwa hiyo siku zile 38 sizijutii. Ninachojutia ni kwamba hazikutumika mwaka mmoja kabla.

Hesabu basi. Akiba ilikuwa siku 45. Ardhi imekula 38. Zimebaki 7. Bado tulikuwa salama.

Kisha likaja kosa la pili, na hili si la ardhi. Hili ni letu.

Paili ikishachimbwa, shimo huachwa limejaa tope jepesi la bentonaiti, ambalo kazi yake ni kuzuia kuta za shimo zisiporomoke. Zege haliwezi kumwagwa kutoka juu, kwa sababu likipita ndani ya tope lile litachanganyika nalo na kuharibika. Kwa hiyo tunashusha bomba la chuma hadi karibu na sakafu ya shimo, na zege linapita ndani ya bomba. Zege ni zito, linakaa chini, na linapopanda linalisukuma tope juu litoke. Kadiri zege linavyopanda, bomba nalo tunalivuta juu kidogo kidogo. Sheria ni moja tu, na mafundi wote wanaijua: mdomo wa bomba usitoke ndani ya zege. Ubaki umezama angalau mita 2, na heri 3. Ukitoka hata mara moja, tope linaingia katikati, na una vipande viwili vya zege vyenye uchafu baina yao.

Paili namba nne ya nguzo ya tatu ilihitaji malori sita ya zege. Malori matatu ya kwanza yalifika kwa zamu yake. La nne lilikwama kwenye tope la barabara yetu ya saiti kwa dakika 70. Zege lililokuwa ndani ya bomba likaanza kukaza. Lori lilipofika, zege halikushuka. Mafundi wakafanya ambalo kila fundi hulifanya: wakalitingisha bomba juu na chini ili lizibuke. Likazibuka. Kazi ikaendelea hadi mwisho, na kwa macho, pale juu, paili ile ilikuwa sawa na nyingine zote.

Tungejuaje basi? Ndani ya kila paili tunaacha mabomba manne membamba ya chuma, yaliyofungwa kwenye nondo toka juu hadi chini. Siku saba baada ya kumwaga, tunayajaza maji. Bomba moja tunaliteremshia kifaa kinachopiga mlio, na jingine kifaa kinachousikiliza. Tunavivuta vyote viwili juu kwa pamoja, polepole. Mlio hupita kwenye zege zuri kwa kasi ya mita 4,000 hivi kwa sekunde. Ukikutana na tope au zege lililochanganyika, hupungua mwendo, na hufika umedhoofika. Ni kama kugonga chungu: kizima hulia, chenye ufa kinajulikana.

Katika paili namba nne, mlio ulikuja vizuri kutoka chini, mita baada ya mita. Ulipofika kina cha mita 14 na nusu kutoka juu, kasi ikashuka hadi 2,600. Nusu mita juu yake, ikarudi kama kawaida. Tulirudia kwa jozi zote sita za mabomba, na jozi nne zikasema neno lile lile.

Nikaenda kuitafuta karatasi ya siku ya kumwaga. Karatasi ile ina safu kwa kila lori: saa liliyofika, zege limefika kina gani, mdomo wa bomba uko kina gani. Baada ya lori la tatu, zege limepimwa: mita 14 na nusu kutoka juu. Pale pale. Na kisanduku cha pembeni, cha mdomo wa bomba, ni cheupe. Hakuna aliyeandika kitu. Baada ya kulitingisha bomba, hakuna aliyepima. Na chini ya karatasi hiyo yenye kisanduku cheupe, kuna sahihi yangu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo nawaambia wazi: mafundi walikuwa wa mkandarasi, lakini msimamizi aliyesimama pale alikuwa wangu, na karatasi niliipitisha mimi.

Tulikata sampuli kwa keekee hadi kwenye kina kile. Zege la juu lilitoka kama gogo, zima, linang'aa mahali lilipokatwa. La kina cha mita 14 na nusu lilitoka vipande, na kipande kimoja nilikiponda kwa dole gumba na kidole cha shahada. Hapo ubishi uliisha. Tukatoboa matundu matatu hadi pale, tukapiga maji kwa shinikizo kubwa kwenye tundu moja yakatokea mengine, mwanzoni yakiwa ya kijivu kama jivu lililokorogwa, siku ya pili yakaanza kuwa meupe. Yalipotoka safi kabisa, tukaingiza uji wa saruji kwa shinikizo ukajaza mwanya wote. Tukangoja, tukapiga mlio tena. Mita 3,700 kwa sekunde, jozi zote sita. Mhandisi msanifu ameipitia na kuikubali. Toka mlio wa kwanza hadi wa mwisho, siku 26.

Akiba ilikuwa imebaki siku 7. Tukatumia 26. Tumezidi kwa siku 19.

Sasa mtauliza, na ni haki yenu kuuliza: siku 19 zinakuwaje miezi mitano? Aliyekosa kivuko kwa dakika tano hangoji dakika tano. Anangoja kivuko kirudi. Nasi mto ulitukosesha kivuko. Siku tuliyokuwa tayari kufunga nondo za kitako kinachounganisha vichwa vya paili, maji yalikuwa yameanza kupanda.

Tulijaribu? Tulijaribu. Kwa siku sita tulifanya kazi usiku na mchana. Usiku wa sita nilikuwa pale na mlinzi wa kipimo cha maji, mzee aliyeishi ukingoni mwa mto huo maisha yake yote. Anamulika kipimo kwa tochi kila nusu saa na kunisomea. Saa nane usiku maji yalikuwa mita moja chini ya mdomo wa ukuta. Saa tisa, sentimita 70. Akaniambia, "Mwanangu, huu haujamaliza." Nikawatoa mafundi wote, kisha nikaamuru malango ya ukuta yafunguliwe, maji yaingie ndani.

Najua habari hiyo iliwafikia kama uzembe: mhandisi kagharikisha kazi yake mwenyewe. Lakini fikirini ukuta wa bamba za chuma, nje una kina cha mita 8 za maji, ndani umekauka. Maji ya nje yanausukuma na ndani hakuna kinachousukuma kurudi. Ukiyaacha yapande hadi juu, ukuta unajikunja kuelekea ndani, juu ya paili zako. Ukiyaingiza maji mwenyewe, nje na ndani vinalingana, na ukuta unabaki umesimama. Umesimama hadi leo. Tulipoteza usafi wa shimo, hatukupoteza paili hata moja.

Hivyo, miezi minne ya mto kujaa, na mwezi mmoja wa kupampu, kuondoa matope na kurudisha mitambo. Ndiyo mitano.

Angalieni jambo hili kwa makini. Ardhi peke yake ilikula siku 38, na akiba ilikuwa 45. Tungefika. Kosa la paili peke yake lilikula 26. Tungefika pia, tena kwa nafasi. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili ambalo lenyewe lingelichelewesha daraja hili kwa siku moja. Yalipokutana ndipo yalipotuvusha mpaka. Na hapo ndipo penye mzozo wa fedha.

Mkataba wetu unafuata Kitabu Chekundu cha FIDIC, yaani masharti ya mikataba ya ujenzi ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Hali ya ardhi ambayo mkandarasi mzoefu hangeweza kuitabiri iko kwenye kifungu 4.12, na mzigo wake ni wa mwenye mradi. Yaani wetu. Mita 6 za ziada kwa paili sita, jabali, nondo, vyote vinatugharimu theluthi moja ya fungu la dharura. Kuikarabati paili namba nne ni juu ya mkandarasi, na amekwisha kugharamia bila kubisha. Lakini kodi ya tishari na winchi zilizokaa bure miezi minne, nani analipa? Mkandarasi anasema ardhi ndiyo iliyomaliza akiba, isingekuwa ardhi kosa lake lisingemdhuru mtu. Upande wetu unasema akiba ilikuwa imebaki siku 7, na paili yake ndiyo iliyozivuka. Wote wawili wanasema kweli. Mkataba hausemi akiba ni ya nani, na hilo tulipaswa kuliandika kabla ya kusaini.

Niseme kwa ufupi kuhusu maendeleo. Boriti ni 25, na 15 zimekwisha kupandishwa juu ya nguzo. Kumi zilizobaki zinaangukia pande mbili za nguzo ya tatu, na zitangoja. Kwenye jedwali mtaona asilimia 60 ya boriti. Naombeni msiisome namba hiyo kama asilimia 60 ya safari.

Maombi yangu ni matatu. Mwongeze muda kwa miezi mitano. Muidhinishe theluthi ile ya fungu la dharura. Na kuanzia sasa, malipo ya kazi zote za chini ya maji yasitoke kwa idadi ya mita zilizomwagwa, yatoke kwa matokeo ya vipimo, na karatasi yenye kisanduku kitupu isipokelewe na mtu yeyote, nikiwemo mimi. Utaratibu huo umekwisha kuanza saiti: zege halianzi kumwagwa hadi malori yote sita yamepakiwa au yako njiani, na barabara ya saiti imemwagiwa kokoto.

Maji yakipungua, wapiga mbizi ndio watakaotangulia, kupima kama mto umechimba nje ya ukuta. Siku hiyo nitaitaarifu Bodi kwa maandishi, likiwa jema au baya, kabla ya pampu kuwashwa.

Sasa nayapokea maswali, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ningeomba tuanze na lile gumu kuliko yote: siku zile 19, ni za nani?